Besi Inayopotea Katikati ya Chumba

Anayetengeneza muziki nyumbani anayajua malalamiko haya. Wimbo umepikwa usiku kucha, besi imekaa sawa, ngoma zinasikika moja moja. Kesho yake unapigwa kwenye gari la rafiki, na besi inatoka kama inataka kung'oa milango. Lawama huenda kwa spika, kwa kompyuta, hata kwa gari lenyewe. Mara nyingi mkosaji ni kiti. Kimewekwa mahali ambapo noti fulani za chini hazisikiki, na aliyekikalia amekuwa akiziongeza saa nzima ili azisikie.

Tuchukue chumba kimoja tukifuate hatua kwa hatua. Urefu wake ni mita 4, upana mita 3, na kutoka sakafuni hadi juu ni mita 2.8. Kuta ni za tofali za saruji zilizopigwa plasta, sakafu ni ya zege na juu kuna zege pia. Spika mbili ziko kwenye ukuta mmoja wa upande mfupi, kiti kiko katikati ya chumba, mita 2 kutoka mbele na mita 2 kutoka nyuma. Wengi hukaa hapo bila hata kufikiri, kwa sababu ndipo panapobaki baada ya kuweka meza.

Kwenye joto la nyuzi 28, sauti husafiri mita 348 hivi kwa sekunde. Spika ikitetema mara 43.5 kwa sekunde, yaani hezi 43.5, wimbi moja zima lina urefu wa mita 8. Chumba chetu kina mita 4. Wimbi linaondoka kwenye spika, linagonga ukuta wa nyuma, linarudi, na safari yote ya kwenda na kurudi ni mita 8 kamili. Linapofika tena mbele, spika ndiyo kwanza inaanza kusukuma wimbi jingine. Msukumo mpya unaliangukia la zamani katika wakati uleule, likaongezeka nguvu, na mzunguko unaofuata vivyo hivyo. Baada ya mizunguko michache chumba kizima kinavuma kwa noti hiyo moja, kwa nguvu ambayo spika peke yake isingeweza kuitoa.

Uvumaji huo haujagawanyika sawa chumbani. Chukua beseni la maji, liyumbishe taratibu mpaka maji yaende na kurudi kwa mwendo wake yenyewe. Kwenye kingo mbili maji hupanda na kushuka sana. Katikati ya beseni kina cha maji hakibadiliki, ingawa hapo ndipo maji yanapokimbia zaidi kutoka upande huu kwenda ule. Hewa ya chumba hufanya hivyohivyo. Kwenye kuta mbili inabanwa na kuachiwa, inabanwa na kuachiwa. Katikati haibanwi, inapita tu mbele na nyuma. Na sikio husikia mbano. Mwendo wa hewa usio na mbano haliusikii. Kwa hiyo aliyeegemea ukuta wa nyuma anapigwa na hezi 43.5 kifuani, na aliyekaa mita 2 mbele yake, kwenye kiti cha katikati, karibu hasikii kitu. Spika ni zilezile na wimbo ni uleule.

Urefu wa chumba una noti zaidi ya moja. Mara mbili ya 43.5 ni 87, na noti hiyo nayo inaingia vizuri kwenye mita 4, ila mpangilio wake ni tofauti: mbano uko kwenye kuta mbili na pia katikati kabisa, na sehemu zilizo kimya ziko mita 1 kutoka kila ukuta. Yaani kiti chetu cha katikati kiko kwenye shimo la hezi 43.5 na kwenye kilele cha hezi 87 kwa wakati mmoja. Upana wa mita 3 nao una noti yake, hezi 58, na kimo cha mita 2.8 kina hezi 62. Hesabu ni nyepesi: gawa 348 kwa mara mbili ya kipimo cha chumba. Kuna pia mawimbi yanayozunguka kuta nne kwa mshazari, na la kwanza katika chumba hiki linaangukia hezi 72.5. Hesabu kamili ya chumba cha pembe mraba iliandikwa na Mwingereza Lord Rayleigh katika kitabu chake cha sauti kilichotoka 1877 na 1878, na ndiyo inayotumika hadi leo.

Sasa tuitazame kimuziki. Noti ya F ya chini kwenye gitaa la besi ina hezi 43.65. F ya oktava inayofuata ina hezi 87.3. B flati iliyo kati yake ina hezi 58.3, na B ya kawaida 61.7. Chumba hiki, kwa sababu tu fundi aliweka kuta zake mita 4 na mita 3, kimejichagulia F na B flati. Mtu akitunga wimbo wa F humo ndani, noti zake mbili muhimu za chini ndizo hasa ambazo chumba kinazichezea. G, yenye hezi 49, inaangukia kwenye pengo kati ya 43.5 na 58, kwa hiyo haipewi msaada wowote na inasikika nyembamba kila mahali chumbani. Mpiga besi anaweza kuapa kwamba vidole vyake vimebonyeza nyuzi kwa nguvu ileile, na atakuwa anasema kweli.

Prodyuza aliyekaa katikati anasikia nini? F ya chini haipo. B flati nayo haipo, kwa sababu amekaa pia katikati ya upana, palipo kimya kwa hezi 58. Sikio lake liko mita 1.2 kutoka sakafuni, karibu na nusu ya kimo, kwa hiyo hezi 62 nayo imepungua sana. Noti tatu za kwanza za chumba zote zimemkwepa. Kilichobaki ni F ya juu, hezi 87, inayovuma kupita kiasi. Anafanya ambalo kila mwenye masikio angelifanya: anapunguza 87, anapandisha 43, na anaridhika. Alichokifanya ni kurekebisha chumba chake ndani ya wimbo. Wimbo unapoondoka, unaondoka na marekebisho hayo, na gari ambalo halina shimo la hezi 43 linayatoa yote hadharani.

Mbona sauti ya mwimbaji, au hi-hati, hazina taabu hii? Zina mawimbi mafupi. Kwenye hezi 1,000 wimbi lina sentimita 35 tu, na chumba hiki kina mamia ya noti zake zilizosongamana karibu karibu kiasi kwamba hakuna moja inayojitokeza. Vilele vya hii vinajaza mashimo ya ile. Chini ya hezi 60 chumba kina noti mbili tu. Mwanafizikia Mjerumani Manfred Schroeder alitoa kanuni ya kukadiria mpaka kati ya hali hizo mbili, kwa kutumia ujazo wa chumba na muda ambao sauti inachukua kufifia. Kwa chumba cha mita za ujazo 33.6 kama hiki, kikiwa na samani kiasi, mpaka unaangukia karibu na hezi 250. Juu ya hapo spika ndiyo yenye neno kubwa. Chini ya hapo ni chumba. Kwenye ukumbi mkubwa mpaka huo unashuka hadi chini ya besi, na ndiyo maana vigodoro vya uswahilini, spika zikiwa zimepangwa mtaani bila kuta nne, vina besi iliyo sawa kwa kila anayecheza, ingawa inahitaji spika nyingi zaidi ili itoshe.

Kabla ya kununua chochote, inafaa kujua chumba chako kinafanya nini, na kipimo hakigharimu pesa. Tumia programu yoyote ya simu inayotoa sauti ya hezi moja moja, lakini ipitishe kwenye spika ya studio au sabufa, kwani spika ya simu haina uwezo wa kutoa hezi 43. Washa spika moja tu, na iweke kwenye kona. Ukiwasha mbili zilizo kushoto na kulia kwa umbali sawa, zinasukuma pande mbili za upana kwa pamoja na hezi 58 haitaamka, kisha utadhani chumba hakina tatizo hilo. Weka sauti ya wastani, noti iliyotokana na hesabu ya urefu, na utembee polepole kutoka ukuta hadi ukuta. Mvumo utapungua ukikaribia katikati, utakaribia kutoweka, kisha utarudi. Shimo halitakuwa kimya kabisa, maana mawimbi mengine yanaachia kidogo, lakini tofauti haihitaji sikio la kitaalamu. Dalili yake iko wazi: kama noti inabadilika nguvu unapohama wewe, tatizo ni chumba. Kama imekosekana kila mahali, tazama spika au wimbo. Mwenye kompyuta na maikrofoni ya kupimia anaweza kutumia programu ya bure ya REW, ambayo itamchorea vilele na mashimo, na pia itamwonyesha jambo ambalo kutembea hakulionyeshi vizuri: muda.

Noti ya chumba haizimiki ngoma inaponyamaza. Wimbi lililokwisha jengeka linaendelea kwenda na kurudi mpaka kuta zilimalize, na kuta za zege hazina haraka. Tuseme hezi 43.5 inachukua sekunde 0.9 kushuka desibeli 60, jambo la kawaida katika chumba kigumu. Wimbo wa Bongo Fleva wa mapigo 90 kwa dakika una nafasi ya sekunde 0.67 kati ya pigo na pigo. Mvumo umeshashuka desibeli 44, ngoma inayofuata inapata uwanja mtupu. Singeli ya mapigo 200 inatoa sekunde 0.3 tu. Mvumo umeshuka desibeli 20, na ngoma mpya tayari imefika. Pigo moja linamkanyaga mwenzake, na kinachosikika si ngoma tena bali mngurumo usiokatika. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya watu kudai kwamba singeli haina besi safi. Humo chumbani, hapana, haina. Tatizo ni la chumba.

Tukirudi kwenye kiti, hiki ndicho cha kuhama kwanza. Pale mita 2, hezi 43.5 haipo na 87 iko kileleni. Ukisogea mbele hadi mita 1 kutoka ukuta wa spika, mambo yanageuka: 43.5 imerudi, pungufu ya desibeli 3 tu kuliko ukutani, lakini sasa 87 ndiyo iliyoingia shimoni. Katikati ya hapo, mita 1.5 hivi, 87 iko pungufu desibeli 3 na 43.5 pungufu desibeli 8. Si usawa, ila hakuna noti iliyokufa, na sikio linaweza kufanya kazi na upungufu kuliko utupu. Kukaa ukutani nyuma hakufai hata kidogo, kwa kuwa huko noti zote za urefu ziko kileleni pamoja. Kwa upana hakuna hila: ukitaka kushoto na kulia zilingane lazima ukae kwenye mstari wa kati, na hapo hezi 58 utaendelea kuikosa. Hiyo ndiyo noti ya kuithibitisha kwa hedifoni, maana hedifoni hazina chumba.

Baada ya kiti, watu hukimbilia trei za mayai, sponji na magodoro. Trei za mayai kwa besi hazifanyi kitu. Sponji ya sentimita 5 iliyogandishwa ukutani inafanya kidogo mno, na sababu yake iko kwenye lile beseni. Kitu chenye vinyweleo hula nguvu ya hewa inayopita ndani yake, na ukutani hewa ya besi haipiti, inabanwa tu. Kwa hezi 43.5 hewa inakimbia zaidi mita 2 kutoka ukutani, yaani katikati ya chumba. Kwa 87 ni mita 1. Sponji iliyolala ukutani iko mahali pasipo na mwendo. Inachokula ni sauti za juu, na ukijaza chumba sponji matokeo huwa mabaya kuliko mwanzo: mwangwi wa juu umekufa, mvumo wa chini umebaki palepale, na chumba kinasikika kama kina besi nyingi zaidi. Pamba ya mawe nene, sentimita 20 au zaidi, ikisimamishwa kwenye kona na kuachiwa nafasi nyuma yake, huanza kusaidia kwenye hezi 80 na kuendelea. Chini ya hapo inachoka.

Kwa noti za chini kabisa inafaa kitu kinachotumia mbano wenyewe, na hicho hukaa ukutani. Fremu ya mbao iliyofunikwa plaiwudi, hewa imefungiwa nyuma bila upenyo, hutetema kwa noti yake na kula nguvu inapotetema. Plaiwudi ya milimita 12 ina uzito wa kilo 7 na kidogo kwa mita ya mraba. Ikiwa na nafasi ya sentimita 15 nyuma, itatetema karibu na hezi 58, noti ya upana wa chumba chetu. Weka pamba ndani isigusane na ubao, panga kadhaa kwenye kuta mbili ndefu, na fundi seremala wa mtaani anaiweza kazi hiyo. Upungufu wake ni kwamba inatibu noti moja na jirani zake. Ukikosea nafasi au unene, umetengeneza kabati lisilo na mlango.

Ikwalaiza nayo ina mpaka wake. Kilele inaweza kukipunguza, kwa kiti kimoja, na hata mvumo unaobaki unapungua nao. Shimo haiwezi kulijaza. Ukiongeza hezi 43 kwa aliyekaa katikati, kilichoongezeka ni mbano wa kwenye kuta mbili; pale katikati hewa inaendelea kupita bila kubanwa. Amplifaya inachemka, jirani wa ukuta wa pili anagonga, na aliyeketi kitini hajasikia tofauti.

Wapangaji wengi hawana mita 4 kwa 3. Chumba cha Dar au Nairobi cha futi 10 kwa 10 kina mita 3.05 kila upande, na hapo urefu na upana vinatoa noti ileile, hezi 57. Kimo kikiwa nacho cha mita 3, ni hezi 58. Noti tatu zimekaa mahali pamoja, na chini yake hakuna kitu. Sabufa humo inapiga noti moja kwa kila wimbo. Hali hiyo inazidi kwa sababu sabufa huwekwa kwenye kona ili isizuie njia, na kona ndipo mahali pekee ambapo kila noti ya chumba ina mbano wa juu kabisa. Sabufa iliyo konani huziamsha zote kwa nguvu kamili. Kuna njia ya zamani ya kuitafutia mahali: iweke juu ya kiti unachokalia, piga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, kisha inama na utambae kandokando ya kuta ukisikiliza. Mahali ambapo noti zinasikika sawasawa, ndipo sabufa ikae, kwa kuwa njia ya sauti kutoka A hadi B haibadiliki ukibadilisha msikilizaji na spika. Watoto watacheka, lakini inafanya kazi.

Mwenye uwezo wa sabufa mbili ana njia bora zaidi. Todd Welti wa kampuni ya Harman alitoa mwaka 2002 utafiti wa mahali pa kuweka sabufa katika chumba cha pembe mraba, na mpangilio mmoja uliojitokeza ni sabufa mbili, kila moja katikati ya ukuta wake, zikitazamana. Moja ikisukuma ukuta wa mbele na nyingine wa nyuma kwa wakati mmoja, noti ya kwanza ya urefu inajifuta yenyewe, kwani hiyo inahitaji upande mmoja ubanwe wakati mwingine unaachiwa. Na kwa kuwa zote ziko katikati ya upana, noti ya kwanza ya upana haiamki. Jumla ya besi inapungua kidogo, hivyo unaongeza sauti, ila anayekaa kitini na anayekaa mkekani sasa wanasikia karibu kitu kimoja.

Na dirisha lihesabiwe pia. Kupitia dirisha la nyavu lililo wazi, sehemu ya besi inatoka nje na hairudi, kwa hiyo chumba kilichovuma jana usiku kwa sababu kiyoyozi kiliwashwa na madirisha yakafungwa kinaweza kutulia leo mchana. Dari la jipsamu nalo hutetema na kula besi kiasi, jambo ambalo zege halifanyi. Anayepima chumba chake akipime katika hali anayofanyia kazi: mlango kama unavyokuwa, dirisha kama linavyokuwa, na kitanda kikiwa mahali pake.